VYANGO VYA BAFUNI NA KIMO CHA MTOTO

Katika nyumba nyingi za visiwa vyetu bafu ni moja, nalo hutumiwa na baba, mama, bibi na watoto. Hata hivyo, fundi anapofika kutia fimbo ya taulo na vyango vya nguo, hupima kwa mkono wake mwenyewe. Matokeo yake ni mtoto wa miaka minne kupanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, sakafu ikiwa majimaji, ili alifikie taulo lake.

Wako wanaodhani dawa ni kuweka kila kitu katikati, yaani kiasi cha sentimita 135. Sisi hatukubaliani nao. Mtoto huyo ana kimo cha kama sentimita 100, hivyo chango hicho bado kimemzidi. Joho la kuogea la mtu mzima, lenye urefu wa sentimita 120, likitundikwa hapo husaza sentimita 15 tu kutoka sakafuni, na kila maji yanapomwagwa pindo hulowa. Mshika mbili moja humponyoka.

Linalofaa ni kuwa na vimo viwili. Kwa watu wazima, chango kiwe sentimita 170 na fimbo ya taulo sentimita 120. Taulo la sentimita 140 likikunjwa mara mbili juu ya fimbo huteremka sentimita 70, likabaki nusu mita juu ya sakafu. Kwa watoto, fimbo iwe sentimita 90, na taulo lao liwe la mita moja, ili nalo lisiguse chini.

Hapa ndipo wengi wanapokosea: huitia fimbo ya mtoto chini ya ile ya mkubwa. Taulo la juu huifunika ya chini, na katika hewa yetu ya unyevu yote mawili hukaa mabichi hadi kunuka uvundo. Fimbo hizo ziwekwe ubavu kwa ubavu.

Chango cha mtoto, kwenye sentimita 100 hivi, kinakaribia usawa wa macho. Kwa hiyo kiwe cha mbao chenye kichwa cha mviringo, tena kiwe pembeni, mbali na njia ya kupita. Msumari usitumike kabisa.

Mtoto hutundika, lakini pia huning'inia. Skrubu ipite lipu na kuingia ndani ya tofali. Ukiona ufa mwembamba kuizunguka, au vumbi la lipu sakafuni, ujue fimbo imelegea.

Mtoto naye hukua. Basi vyango vyake vitiwe kwenye ubao mmoja, ambao utapandishwa kadiri anavyorefuka. Tunawakumbusha maofisa wanaopokea nyumba za umma kutoka kwa wajenzi: ingieni na bafuni, mkiwa na futi mkononi.