Jora Moja au Vipande 3,601

Februari 2000, chombo cha anga cha Endeavour kilizunguka dunia kwa siku 11 kikipima kwa rada urefu wa nchi kavu. Vipimo vyake viligawanywa katika mafaili, kila faili likibeba mraba wa digrii moja kwa moja. Kilele cha Uhuru kimo katika faili liitwalo `S04E037.hgt`. Ndani yake hamna picha wala maneno. Mna namba tu: mistari 3,601 kutoka kaskazini kwenda kusini, na kila mstari una vipimo 3,601 kutoka magharibi kwenda mashariki. Kila kipimo kinachukua baiti mbili, kwa hiyo faili zima lina baiti 25,934,402.

Tuseme unataka kuandika programu, kwa lugha ya C, itakayosoma faili hilo na kukueleza mlima una urefu gani mahali fulani. Jambo la kwanza ni kupata mahali pa kuziweka namba hizo. Ukitangaza `short h[3601][3601]` ndani ya funksheni, programu itaanguka mara tu inapoanza, kwa sababu kwenye Linux eneo linalotengewa vitu vya namna hiyo kwa kawaida ni megabaiti 8, nawe unadai karibu 26. Isitoshe, yapo mafaili ya zamani ya vipimo hivi yenye mistari 1,201 tu. Ukubwa wa jedwali unajulikana pale faili linapofunguliwa, si kabla. Basi inabidi kumbukumbu iombwe wakati programu inaendelea kukimbia, na mwombaji ni `malloc`.

Tatizo ni kwamba kumbukumbu ya kompyuta haijui jedwali ni nini. Yenyewe ni utepe mmoja mrefu wa baiti, na `malloc` hukukatia kipande cha utepe huo na kukupa anwani ya mwanzo wake. Mistari na nafasi utajipangia mwenyewe.

Njia ambayo wanafunzi wengi hufundishwa kwanza ni ya vipande. Kila mstari unaombewa kipande chake, na anwani za vipande vyote zinaandikwa katika orodha. Anwani iliyohifadhiwa hivyo huitwa kielekezi, au pointa kama wasemavyo wenyewe.

```c
short **h = malloc(m * sizeof(short *));
for (size_t i = 0; i < m; i++)
    h[i] = malloc(n * sizeof(short));
```

Ni kama duka la vitambaa ambalo jora limekatwa vipande 3,601, kila kipande kikatupwa kwenye rafu yoyote iliyo wazi, na muuzaji akabaki na daftari linalosema kipi kiko wapi. Kilele cha Uhuru kiko sekunde 273 kusini ya digrii 3, na sekunde 1,272 mashariki ya digrii 37. Kwa kuwa vipimo vimeachana kwa sekunde moja moja, na hesabu inaanzia sifuri, unaandika `h[273][1272]`. Mashine inafungua daftari, inasoma anwani ya mstari wa 273, inakwenda huko, kisha inahesabu nafasi 1,272. Safari mbili.

Daftari lenyewe si mzigo. Kwenye mashine ya biti 64 kila kielekezi kina baiti 8, jumla 28,808, ambazo mbele ya megabaiti 26 si kitu. Linaloniudhi katika njia hii ni wingi wa milango ya kukosea. Niliwahi kuandika `sizeof(short)` katika mstari ule wa kwanza badala ya `sizeof(short *)`. Hapo daftari linapata baiti 7,202, zinazotosha vielekezi 900. Cha 901 kinavuka mpaka na kuandikwa juu ya mali ya mwingine. Faili dogo la majaribio lenye mistari mitatu lingeweza kukuficha kosa hilo, maana `malloc` mara nyingi hutoa ziada kidogo. Faili la kweli linaanguka, tena mbali na penye kosa, mara nyingi wakati wa `free`. Dawa ni kuitengeneza programu kwa `gcc -g -fsanitize=address`. Ukiikimbiza itasimama palepale mpaka ulipovukwa, iandike `heap-buffer-overflow` na namba ya mstari wa msimbo.

Kurudisha kumbukumbu nako kuna utaratibu wake. Vipande vyote hurudishwa kwanza, kimoja kimoja, na daftari mwisho. Ukianza na daftari, umechoma orodha ya mahali ulipoweka vitambaa.

Njia ya pili ni kuliacha jora zima.

```c
short *h = malloc(m * n * sizeof(short));
fread(h, sizeof(short), m * n, f);
```

Ombi ni moja, kusoma faili ni mara moja, na `free` ni moja. Hakuna daftari, kwa sababu mahali pa kila kipimo panapatikana kwa hesabu: mistari 273 mizima yenye vipimo 3,601 ni 983,073, ongeza 1,272, unapata 984,345. Hapo ndipo kilele kilipo, `h[273*n + 1272]`. (Usishangae kompyuta ikikuambia Kilimanjaro ina mita elfu moja na mia kadhaa. Faili hili hutanguliza baiti kubwa, ilhali prosesa za Intel hutanguliza ndogo. Baiti za 5,895 zikigeuzwa zinasomeka 1,815.)

Watu husifu jora kwa kasi, na sifa hiyo inahitaji kupimwa. Ukiupitia mlima mstari kwa mstari, njia zote mbili zinakwenda karibu sawa, maana ndani ya kila mstari vipimo vimefuatana. Prosesa nyingi za leo huchota kumbukumbu baiti 64 kwa mkupuo, yaani vipimo 32. Ukishuka wima, kutoka kaskazini kwenda kusini, kila hatua inaruka baiti 7,202 na katika kila mkupuo unatumia kipimo kimoja tu. Hapo jora nalo linachelewa. Mpangilio wa vitanzi una uzito kuliko aina ya ombi.

Jora lina hila yake pia. Ukiomba kipimo cha nafasi 3,601 wakati ya mwisho ni 3,600, hutoki nje ya kumbukumbu yako. Unaangukia mwanzo wa mstari unaofuata. Ukingo wa mashariki unapata urefu wa magharibi, na kile chombo cha kukamata makosa kinanyamaza kwa sababu hakuna mpaka uliovukwa. Katika njia ya vipande kingelia.

Tangu C ya 1999 inawezekana kuwa na jora na bado ukaandika mabano mawili:

```c
short (*h)[n] = malloc(m * sizeof *h);
```

Hapa `h[273][1272]` inafanya kazi bila daftari lolote, kwa kuwa tafsiri ya msimbo inajua kila mstari una urefu `n` na inafanya ile hesabu yenyewe. Kwa jedwali la mraba kama hili, mimi ningeanza hapa. Haimo katika C++ ya kawaida, na ukitaka kuipeleka `h` kwa funksheni inayosubiri `short **` itakataliwa, na ni haki yake: aina hiyo inatarajia daftari, nawe huna.

Vipande navichagua pale mistari isipolingana, kama katika programu ya kuhariri maandishi, ambako mstari mmoja una herufi tano na unaofuata mia mbili. Huko, kubadilishana mistari miwili ni kubadilishana vielekezi viwili katika daftari, na maandishi yenyewe hayaguswi.