Kabla ya Kumwaga Zege: Kokoto, Moramu au Vipande vya Matofali?

Sakafu ikipasuka, lawama humwangukia aliyechanganya zege. Mara nyingi anaonewa. Zege la sakafu ya nyumba ya kawaida lina unene wa sentimita 10 hivi, na limelala juu ya kifusi. Kifusi kikishuka, zege hubaki likining'inia hewani hadi siku litakapokubali kuvunjika. Kifusi kikinyonya maji, unyevu hupanda mpaka kwenye vigae na chini ya kuta, rangi ikabanduka kila masika.

Kwa hiyo kifusi kina kazi mbili: kisishuke, na kisipandishe maji. Taabu ni kwamba kinachofaa zaidi kwa kazi ya kwanza hakiwezi ya pili.

Tuanze na moramu, maana ndiyo inayopatikana kwa urahisi sehemu nyingi. Moramu nzuri ina changarawe, mchanga na udongo kidogo wa kushikanisha, na punje zake za saizi mbalimbali huingiliana hadi tabaka likawa gumu. Lakini ugumu huo hauji wenyewe. Moramu humwagwa kwa tabaka la sentimita 15 na kushindiliwa kwa mashine, au sentimita 10 tu kama ni kishindilio cha mkono, ndipo tabaka linalofuata liwekwe. Ukijaza sentimita 60 kwa mkupuo kisha ukapitisha mashine juu, umeshindilia ngozi tu. Chini bado ni kifusi cha lori. Kikishuka kwa asilimia 5, zege linabaki na pengo la sentimita 3. Dalili huonekana pembeni: ufa unafuata ukuta, na ukigonga sakafu kwa mpini wa jembe inaitikia kama debe tupu.

Maji nayo yana kipimo chake. Chukua konzi ya moramu, uifinye kwa nguvu. Ikishikana kuwa donge na ukiliangusha likavunjika vipande vichache, shindilia. Ikimomonyoka mkononi, nyunyiza maji. Ikikuachia kiganja chenye maji, subiri ikauke. Wapo wanaofurika kifusi kwa mpira wa maji jioni na kusema mvua au maji yatakishindilia. Kwa mchanga mtupu jambo hilo linasaidia kiasi. Kwa moramu yenye udongo unapata tope, na tope likikauka hujikunja na kuacha nyufa. Tabaka likiisha, shika kipande cha nondo ya milimita 12 na ukisukume kwa mkono. Kikizama kwa urahisi, rudisha mashine.

Sasa upande wa unyevu, ambako moramu inashindwa. Maji hupanda yenyewe katika nafasi nyembamba, na kadiri nafasi inavyokuwa nyembamba ndivyo yanavyopanda juu zaidi. Katika mrija wenye kipenyo cha milimita 1 hupanda kama sentimita 3. Katika mrija wa sehemu ya kumi ya milimita, sentimita 30. Nafasi zilizo kati ya chembe za udongo wa moramu ni nyembamba kuliko hizo. Tena ile moramu iliyoshindiliwa vizuri imejaa vinjia vyembamba kila mahali, kwa hiyo ugumu haumaanishi ukavu.

Jambo hili unaweza kuliona jikoni. Kata chupa tatu za plastiki, zitoboe matundu chini, kisha jaza moja moramu, ya pili kokoto zilizooshwa, ya tatu vipande vya matofali. Zisimamishe kwenye beseni lenye maji ya kina cha sentimita 2 na uziache usiku kucha. Asubuhi moramu imebadilika rangi juu kabisa ya mstari wa maji. Kokoto zimelowa miguuni tu, kwa sababu nafasi kati yake ni pana na maji hayana pa kujishikiza. Matofali yanashangaza: nafasi kati ya vipande ni kavu, lakini kila kipande kilichogusa maji kimelowa mpaka kichwani, na kimeanza kumpa jirani yake.

Ndiyo kasoro kubwa ya matofali: yenyewe ni sifongo. Bangladeshi, ambako mawe ni haba, matofali huvunjwavunjwa na kutumika hata ndani ya zege, lakini hayo ni yale yaliyoiva sawasawa. Tofali letu la tanuri la kienyeji huiva nje, ndani likabaki karibu na udongo. Gonga mawili: yaliyoiva hulia. Kisha loweka kipande kwenye ndoo kwa siku nzima. Kikilainika au kuacha tope, hakifai chini ya sakafu. Pia vipande vikubwa huegemeana na kuacha mapango, kisha huja kuvunjika polepole chini ya uzito. Nusu tofali haishindiliki. Ivunje iwe saizi ya ngumi ya mtoto au ndogo zaidi. Na kama ni mabaki ya nyumba iliyobomolewa, ondoa mbao zinazoita mchwa, na vipande vya dari au lipu ya jasi. Jasi ina salfeti, ambayo ikipata unyevu hula zege kutoka chini.

Kokoto safi ndizo zinazokata njia ya maji. Si za bei ndogo, na zina masharti. Hazifai kuchanganyika na vumbi au udongo. Kuna wanaopanga mawe vizuri kisha wakamwaga moramu juu ili ijaze mapengo, na hapo wameyarudishia maji ngazi ya kupandia. La pili, zisiwe chini ya usawa wa ardhi ya nje. Kokoto zilizo shimoni hugeuka kisima, hasa kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao ukilowa huvimba na kuinua sakafu yote. Udongo huo uchimbwe na kuondolewa kwanza.

Tuchukue chumba cha mita 4 kwa 3.5, ambacho kinahitaji kuinuliwa sentimita 45. Mimi ningejaza sentimita 30 za chini kwa moramu, kwa matabaka, na sentimita 15 za juu kwa kokoto. Moramu iliyoshindiliwa ni mita za ujazo 4.2, lakini ikiwa imelegea kwenye lori agiza kama 5.5, kwa kuwa hupungua ikishindiliwa. Kokoto ni 2.1; agiza 2.5. Juu ya kokoto weka kokoto ndogo kuziba mianya, kisha mchanga sentimita 3 hadi 5, ili ncha za mawe zisitoboe plastiki. Halafu plastiki nzito, vipande vikipandiana sentimita 30 na kingo zikipanda ukutani hadi kukutana na tabaka la kuzuia unyevu. Usiseme kokoto zinatosha bila plastiki: maji hayapandi humo, lakini mvuke unapita.

Fedha zikikubana, punguza moramu kwa kushusha usawa wa sakafu kidogo, mradi ibaki juu ya ardhi ya nje. Tabaka la kokoto usiliguse. Na siku ya kushindilia, uwepo mwenyewe na nondo yako mkononi, kwa sababu zege likishamwagwa hakuna atakayeweza kukuonyesha kilichofanyika chini yake.