Je, Wajua? Video Iliyokatika Ghafla Bado Ina Picha Zake

Chukua mfano wa nikahi inayorekodiwa kwa simu. Dakika ya 20 simu inaponyoka mkononi, inagonga sakafu na kuzimika. Ikiwashwa tena, faili la video lipo na lina ukubwa wa gigabaiti mbili na nusu, lakini kila programu inakataa kulicheza. Wengi hulifuta papo hapo wakiamini kwamba tukio limepotea. Yafuatayo yanaonyesha kwa nini wasifanye haraka.

Je, wajua kwamba faili lisilocheza laweza kuwa na karibu picha zote?

Mafaili ya MP4 na MOV yamejengwa kwa vipande viitwavyo atomu. Mpangilio huu ulianza na QuickTime ya kampuni ya Apple mwaka 1991, na baadaye ukawa msingi wa kiwango cha kimataifa cha MP4. Kwa kawaida kila atomu huanza na baiti nane: nne za kutaja ukubwa wake na nne za kutaja jina lake.

Atomu zinazotuhusu hapa ni tatu. `ftyp` hutangaza aina ya faili. `mdat` hubeba picha na sauti zenyewe. `moov` ni faharasa: hueleza kila fremu inaanzia wapi, ina baiti ngapi, inapaswa kuonekana kwa muda gani, na inafumbuliwaje. Simu ilipozimika, `ftyp` na `mdat` zilikuwa zimekwisha kuandikwa. Iliyokosekana ni `moov`, na bila hiyo kichezaji hakijui pa kuanzia.

Je, wajua kwamba kilichopotea ni chini ya sehemu moja ya elfu ya faili?

Tupige hesabu ya ile nikahi. Simu nyingi za Android hurekodi video ya 1080p kwa takriban megabiti 17 kwa sekunde, yaani karibu megabaiti mbili kila sekunde. Kwa dakika 20, hizo ni gigabaiti mbili na nusu hivi. Kwa fremu 30 kila sekunde, jumla yake ni fremu 36,000.

Orodha ya ukubwa wa fremu hutumia baiti nne kwa kila fremu, kwa hiyo fremu zote hizo zinahitaji kilobaiti 144 tu. Ukiongeza orodha kama hiyo ya sauti, pamoja na orodha nyingine ndogo za muda na mahali, faharasa nzima bado haifiki megabaiti moja. Gigabaiti mbili na nusu zimekwama kwa kukosa kitu chenye ukubwa wa picha moja ya kawaida.

Je, wajua kwa nini faharasa huandikwa mwisho?

Karani anayehesabu magunia gatini hawezi kufunga hesabu kabla gunia la mwisho halijapakiwa. Kamera nayo haijui fremu zitakuwa ngapi, wala kila moja itakuwa na ukubwa gani, mpaka mtu abonyeze kitufe cha kusimamisha. Wakati wote wa kurekodi hesabu hizo hukaa kwenye kumbukumbu ya muda, na umeme ukikatika zinafutika zote.

Hata ukubwa wa `mdat` haujulikani mwanzoni. Programu ya kurekodi iliyomo ndani ya Android huweka alama za kuuliza mahali pa namba hiyo, kisha hurudi kuijaza kurekodi kukiisha. Ndiyo maana katika faili lililokatika huenda ukakuta alama hizo bado zimekaa pale pale.

Je, wajua namna ya kuthibitisha kwamba tatizo ni hili na si jingine?

Anza na ukubwa wa faili. Likisoma sifuri, hakuna cha kutengeneza ndani yake. Huenda data iko kwenye kadi lakini haijaorodheshwa, na hapo kazi ya kwanza ni kuiokoa kwa programu kama PhotoRec, bila kuandika chochote kipya kwenye kadi hiyo. Kama ukubwa unalingana na muda uliorekodi, takriban megabaiti mbili kwa sekunde katika mfano wetu, kuna matumaini makubwa.

Kisha nakili faili kwenye kompyuta na uliulize kwa `ffprobe`, programu ya bure inayokuja pamoja na FFmpeg:

```
ffprobe mbovu.mp4
```

Jibu likiwa na maneno `moov atom not found`, umepata uhakika kwamba faharasa haionekani. Jambo moja tu la kuangalia: faili lililokatika wakati wa kunakiliwa au kupakuliwa hutoa jibu hilo hilo, kwa kuwa mkia wake haukufika. Ikiwa ndivyo, usihangaike na matengenezo. Rudi kwenye chanzo ulinakili upya.

Je, wajua kwamba ndani ya faili picha zina mipaka, lakini sauti haina?

Hapa ndipo ugumu wa kazi ulipo. Katika kodeki ya H.264, inayotumiwa na simu na kamera nyingi, kila kipande cha picha ndani ya `mdat` hutanguliwa na namba, kwa kawaida ya baiti nne, inayosema kipande hicho kina urefu gani. Programu yenye subira inaweza kusoma namba hiyo, kuruka hadi kipande kinachofuata, na kuendelea hivyo.

Sauti ya AAC iliyochanganywa katikati ya picha hizo haina alama yoyote ya mwanzo wala ya mwisho. Urefu wa kila kipande chake huandikwa kwenye `moov` peke yake. Programu inapaswa kujaribu kufumbua baiti zilizopo ili igundue sauti inaishia wapi na picha inaanzia wapi.

Kuna pengo jingine. Maelezo ya msingi ya kufumbua picha, kama vile upana, urefu na mipangilio ya kodeki, mara nyingi nayo hukaa ndani ya `moov`. Yakikosekana, hata fremu iliyopatikana nzima haiwezi kuonyeshwa.

Je, wajua kwamba dawa yake ni faili jingine zima kutoka kamera ile ile?

Maelezo hayo ya msingi hayabadiliki kutoka rekodi moja hadi nyingine, mradi kifaa na mipangilio ni ile ile. Basi yanaweza kuazimwa. Ndivyo inavyofanya kazi `untrunc`, programu ya bure yenye msimbo wazi. Unaipa faili zima kwanza, kisha lile bovu:

```
untrunc nzima.mp4 mbovu.mp4
```

Programu husoma `moov` ya faili zima na kuchukua maelezo ya kodeki. Halafu hupita ndani ya `mdat` ya faili bovu kipande kwa kipande, ikitambua kipi ni picha na kipi ni sauti, huku ikiandika orodha mpya. Mwishowe huunda faili jipya lenye faharasa mpya. Faili la asili haliguswi, kwa hiyo diski iwe na nafasi ya kutosha faili la pili lenye ukubwa kama huo.

Kwa ile nikahi, mwenye simu atarekodi video mpya ya dakika moja kwa simu ile ile, 1080p ile ile, fremu 30 zile zile, na simu ikiwa imeshikwa vile vile. Asitumie video iliyopita WhatsApp, kwa sababu WhatsApp huibana upya na mipangilio yake hubadilika. Kama amesasisha programu ya kamera tangu siku ya tukio, ni salama zaidi kutafuta video nzima iliyorekodiwa siku hiyo hiyo.

Faili zima lisilofaa kuwa mfano hujionyesha upesi. Picha hugeuka kijani au kijivu, sauti huwa mkwaruzo, au kazi husimama baada ya sekunde chache tu za video. Ukiona hivyo, usikate tamaa na faili bovu. Tafuta mfano mwingine. Na hata kazi ikifanikiwa, sekunde za mwisho kabisa huenda zisipatikane, kwa kuwa zilikuwa bado hazijaandikwa kwenye hifadhi simu ilipozimika.

Je, wajua kwamba sauti ndiyo saa ya kuaminika?

Simu haishiki fremu 30 kwa sekunde bila kutetereka. Mwanga ukipungua, nayo huenda ikapunguza kasi. Muda halisi wa kila fremu ungekuwa kwenye `moov` ambayo haikuandikwa, hivyo faharasa mpya inaukadiria tu.

Tuseme wastani wa kweli ulikuwa fremu 29.2. Kwa dakika 20 zitapatikana fremu 35,040. Zikichezwa kwa fremu 30 kila sekunde, zitaisha sekunde 32 kabla ya sauti. Mwanzoni hutaona kasoro, lakini kufikia mwisho bwana harusi atakuwa amekwisha kufumba mdomo wakati jibu lake halijasikika.

Sauti haina tatizo hilo. Kwa kawaida kila kipande cha AAC hubeba sampuli 1,024, na kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde muda wake unajulikana kwa uhakika. Kwa hiyo urefu wa sauti ndio urefu wa kweli wa tukio, na picha ndiyo inayopaswa kunyooshwa iufuate. Toleo la `untrunc` linalotunzwa na anthwlock lina chaguo `-sv` kwa kazi hiyo. Ukimaliza, kagua mwanzo, katikati na mwisho wa video, ukitazama midomo ya wasemaji.

Je, wajua kwamba kuna namna ya kurekodi inayoepuka janga hili?

MP4 ya vipande huandika faharasa ndogo kwa kila sehemu wakati kurekodi kunaendelea. Umeme ukikatika, kinachopotea ni kipande cha mwisho tu. MKV nayo hustahimili kukatika, kwani husomeka hata bila kufungwa vizuri. Wanaorekodi kwa OBS Studio wanaweza kuchagua MKV kisha kuigeuza MP4 baadaye. Tangu toleo la 30.2 la mwaka 2024, OBS ina pia `Hybrid MP4`, inayoandika kwa vipande na kufunga faili kama MP4 ya kawaida mwishoni.

Usichanganye hilo na chaguo la `faststart` la FFmpeg. Chaguo hilo huhamisha faharasa hadi mwanzo wa faili baada ya kazi kuisha, kwa hiyo halikingi chochote umeme ukikatika katikati.

Baadhi ya kamera, zikiwemo za GoPro na DJI, hujaribu kulitengeneza faili zenyewe zikiwashwa tena na kadi ile ile. Basi rekodi ikikatika, usitoe kadi haraka, usiifomati, na usirekodi kitu kingine juu yake. Washa kamera kwanza uone kama itajirekebisha. Ikishindwa, nakili faili bovu mahali salama, rekodi mfano wa dakika moja kwa mipangilio ile ile, na uhifadhi vyote viwili pamoja mpaka upate kompyuta ya kufanyia kazi.