Umehama, mkataba bado unakushika

Tuseme Asha na Neema wamepanga pamoja nyumba ya Sinza, Dar es Salaam. Mkataba ni wa mwaka mmoja kuanzia Januari 1, kodi ni shilingi 600,000 kwa mwezi, nayo inalipwa kwa miezi sita. Mwishoni mwa Juni Asha anapata kazi Dodoma. Anamkabidhi dalali funguo, anamuaga na kuondoka. Julai Neema ana nusu tu ya kodi, 1,800,000. Mwenye nyumba anampigia Asha kudai iliyobaki.

Ana haki ya kumdai. Kwa Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, watu wawili wakiahidi jambo kwa pamoja, aliyeahidiwa anaweza kumbana yeyote kati yao alitimize lote, isipokuwa mkataba wenyewe uwe umesema vinginevyo. Kwa hiyo Asha angeweza kudaiwa hata 3,600,000 nzima. Mgawo wa nusu kwa nusu ni makubaliano yake na Neema, na mwenye nyumba hafungwi nayo. Kumpa dalali funguo hakukubadili kitu, maana dalali hana mamlaka ya kumfutia mtu deni ila awe ametumwa na mwenye nyumba kufanya hivyo.

Njia ya Asha ni kuomba aachiliwe, tena kabla hajahama. Mwenye nyumba halazimiki kukubali, hivyo ombi huenda vizuri likiambatana na mtu wa kuchukua nafasi, ambaye Neema naye amemkubali.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Wakishapata barua ya mwenye nyumba ya kuwaachilia wanadhani yamekwisha. Sheria hiyohiyo inasema kumwachilia mdeni mmoja hakumwachilii mwenzake, na wala hakumwondolei huyo aliyeachiliwa wajibu wake kwa mwenzake. Neema akilipa zote 3,600,000, bado anaweza kumgeukia Asha amrudishie 1,800,000. Naona ni haki, kwa sababu Neema hakuwepo wakati msamaha ule unatolewa, na mzigo wote umemwangukia yeye.

Kwa hiyo barua iwe na saini tatu, na ikiwa kuna mpangaji mpya, ziwe nne. Maneno yake hayahitaji mapambo: “Kuanzia Julai 1, Asha hadaiwi kodi, uharibifu wala deni lolote la nyumba hii litakalotokea baada ya tarehe hiyo, si na mwenye nyumba wala na Neema.” Chini yake andikeni mita ya maji imesoma ngapi, hali ya vyumba siku ya makabidhiano, na amana ya Asha inarudishwa na nani. Madeni ya kabla ya Julai yanabaki yake.

Kama mwenye nyumba au mwenzako amekataa kusaini, jihesabu bado ni mpangaji hadi Desemba 31, na mkataba mpya ukiletwa, usiweke saini yako.