Linux Imeingia, Kioo Kimebaki Cheusi

Usakinishaji wa Linux umefika mwisho bila kosa lolote. Umechomoa flashi, umewasha kompyuta upya, nembo ya mtengenezaji imeonekana, kisha kioo kimekuwa cheusi na hakirudi. Wengi hapo huamua kusakinisha tena tangu mwanzo, na matokeo huwa yale yale, kwa sababu usakinishaji wenyewe haukuwa na kasoro. Mfumo umo ndani ya diski, mzima. Kilichokwama ni maelewano kati yake na kadi ya picha, na mara nyingi neno moja linaloandikwa wakati wa kuwasha hutosha kukuingiza ndani.

Kompyuta inapoanza kuwaka, picha ya kwanza huchorwa na programu iliyo kwenye ubao mama, kwa njia nyepesi ambayo karibu kila kadi inaielewa. Ndiyo maana nembo unaiona vizuri. Sekunde chache baadaye kerneli, yaani kiini cha Linux, hushika kazi. Hupakia draiva ya kadi, na draiva hiyo hupanga upya ukubwa wa picha, kasi ya kioo na tundu ambalo picha itatokea. Draiva na kadi zikielewana, hutaona tofauti yoyote. Zisipoelewana, picha ya zamani huondolewa na mpya haiji. Giza linaanzia hapo.

Tatizo hili huwapata zaidi wenye kadi za NVIDIA, na sababu inajulikana. Draiva inayokuja ndani ya kerneli kwa ajili ya kadi hizo huitwa nouveau, na imo humo tangu 2010. Waandishi wake walianza kwa kuchunguza jinsi kadi zinavyofanya kazi, kwa kuwa kampuni haikuwapa maelezo ya ndani. Tangu kizazi cha GeForce GTX 900, kadi zikaanza kudai programu ndogo zenye saini ya kampuni yenyewe kabla ya kukubali kazi zake nyingi, na programu hizo ziliwafikia waandishi wa nouveau kwa kuchelewa. Kwa hiyo kuna kadi ambazo draiva hii huziendesha bila shida, na nyingine ambazo huzigandisha.

Kabla ya kugusa chochote, hakikisha ni tatizo hili. Kwenye kompyuta ya mezani, angalia nyuma: kebo ya kioo inapaswa kuchomekwa kwenye tundu la kadi ya picha, si la ubao mama. Kama hata nembo ya mtengenezaji haionekani, shida iko kwenye kebo, kioo au vifaa, na Linux haihusiki. Nembo ikionekana kisha giza likaingia, endelea na hatua zifuatazo.

Tuchukue kompyuta ya mezani yenye GeForce GTX 1660 iliyowekewa Ubuntu 24.04. Iwashe, na nembo ikitoweka tu gusa kitufe cha Esc mara moja. Kwenye mashine za zamani zenye BIOS, shikilia Shift badala yake. Itatokea menyu ya GRUB, ambayo Ubuntu huificha ikiwa peke yake kwenye diski. Ukigusa Esc kupita kiasi utajikuta kwenye mstari wenye `grub>`. Andika `reboot` uanze upya.

Kwenye menyu, mstari wa Ubuntu ukiwa umechaguliwa, bonyeza herufi e. Yatafunguka maandishi mengi. Shuka hadi kwenye mstari unaoanza na neno `linux`. Mwishoni mwake kuna maneno `quiet splash`, ambayo huficha maelezo ya uwashaji. Yafute, na mahali pake andika `nomodeset`, hivi:

```
linux /boot/vmlinuz-6.8.0-31-generic root=UUID=... ro nomodeset $vt_handoff
```

Namba za kwako zitatofautiana, usiziguse. Kisha bonyeza Ctrl na X kwa pamoja, au F10. Neno hilo linaiambia kerneli isipange kioo, ibaki na ile picha nyepesi ya mwanzo. Mistari ya maandishi itapita, na ukurasa wa kuingilia utatokea, pengine ukiwa na picha kubwa isiyo safi. Mabadiliko haya ni ya uwashaji huu mmoja tu, kwa hiyo hata ukikosea herufi, kuzima na kuwasha kunarudisha kila kitu kilivyokuwa.

Sasa umeingia, lakini tiba bado. `nomodeset` ni ngazi ya kupitia dirishani wakati mlango umekwama. Kazi iliyobaki ni kuutengeneza mlango. Unganisha intaneti, fungua terminali, uandike:

```
ubuntu-drivers devices
sudo ubuntu-drivers install
```

Amri ya kwanza inaonyesha kadi uliyonayo na draiva zinazoifaa. Iliyopendekezwa huwa na neno `recommended`. Ya pili inaipakua draiva ya NVIDIA na kuizuia nouveau isipakiwe tena. Ikimaliza, washa upya bila kuandika chochote kwenye GRUB.

Hapa kuna mtego mmoja. Kama Secure Boot imewashwa, huenda wakati wa kusakinisha draiva ukaombwa utunge nenosiri. Ukiwasha upya, ukurasa wa buluu utatokea na kusubiri sekunde kumi tu. Bonyeza kitufe chochote, chagua `Enroll MOK`, kisha `Continue`, `Yes`, na uandike nenosiri lile. Ukiuacha upite, kompyuta itakataa kupakia draiva mpya kwa kuwa haitambui saini yake, nawe utadhani usakinishaji umeshindikana.

Kwa wenye kompyuta mpakato zenye chipu mbili za picha, moja ya Intel au AMD na nyingine ya NVIDIA, lipo neno linalofaa zaidi. Kioo cha mpakato mara nyingi kimeunganishwa na ile chipu ndogo, ambayo draiva yake haina tatizo. `nomodeset` inazizuia zote mbili, na hata kurekebisha mwanga wa kioo kunaweza kushindikana. Andika `modprobe.blacklist=nouveau` mahali pale pale, na aliyezuiwa atakuwa mkorofi peke yake.

Kadi za AMD zina habari tofauti. Draiva yao, amdgpu, imo ndani ya kerneli na inatunzwa na kampuni yenyewe. Giza likitokea kwenye kadi mpya ya AMD, kwa kawaida kerneli ni ya zamani kuliko kadi. Ingia kwa `nomodeset`, sasisha mfumo au weka toleo jipya zaidi la Linux, kisha uliondoe neno hilo, kwa sababu amdgpu haifanyi kazi likiwepo.

Kuliondoa ndiko watu wanakosahau. Wengine huliandika kabisa kwenye faili la `/etc/default/grub`, kompyuta ikawaka, wakaridhika. Baadaye wanalalamika kwamba video zinakatakata, kioo cha pili hakitambuliki na michezo haifunguki, ilhali kadi yao imelala. Jipime kwa amri hizi mbili:

```
cat /proc/cmdline
nvidia-smi
```

Ya kwanza isionyeshe `nomodeset`. Ikionyesha, lifute kwenye faili hilo kisha utoe amri ya `sudo update-grub`. Ya pili ilete jedwali lenye jina la kadi na toleo la draiva. Ikikujibu kwamba imeshindwa kuwasiliana na draiva, rudi kwenye hatua ya Secure Boot kabla ya kufikiria jambo jingine lolote.