Nikajikuta Nimesimama Mbele: Kuchambua Simulizi za Kuokoka

Mwombe mtu aliyeokoka akusimulie ilivyokuwa, na mara nyingi hatahitaji muda wa kufikiri. Simulizi hiyo ameshaitoa kanisani, kwenye maombi ya nyumba kwa nyumba, pengine hata ndani ya basi. Inaanzia gizani, ina siku yake, na inaishia kwenye shukrani. Katika Afrika Mashariki, namna hii ya kutoa ushuhuda ilienezwa sana na uamsho uliochipuka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ukavuka kwenda Uganda, Kenya na Tanganyika. Waganda waliwaita wafuasi wake Balokole, yaani waliookoka, na kusimama mbele ya wenzako ukaungama na kueleza ulivyogeuka ilikuwa sehemu kubwa ya ibada zao.

Sasa fikiria mwanafunzi wa shahada ya uzamili aliyewahoji watu 8 wa namna hiyo, akarekodi, na sasa ana nakala za mahojiano mezani. Anatumia njia ya uchambuzi wa dhamira, ile ambayo Virginia Braun na Victoria Clarke waliieleza mwaka 2006 kwa hatua 6: kuyazoea maneno, kuyapa misimbo, kuunda dhamira, kuzipima, kuzipa jina na maelezo, kisha kuandika. Hatua zenyewe ni rahisi kuzikariri. Ugumu ni kwamba simulizi anazozichambua zilikuwa zimeshachambuliwa na wenyewe kabla hajafika.

Mwaka 1978 mwanasosholojia James Beckford aliandika kuhusu Mashahidi wa Yehova wa Uingereza na jinsi walivyoeleza kuongoka kwao. Hawakusimulia radi iliyowaangusha njiani. Walisimulia safari ya polepole ya kujifunza na kuelewa, na hivyo ndivyo jumuiya yao inavyofundisha kwamba mtu huongoka. Miaka michache baadaye David Snow na Richard Machalek walionesha kwamba alama mojawapo ya mtu aliyeongoka ni kuyasoma upya maisha yake yote ya zamani kwa macho ya imani mpya. Hakuna uongo hapo. Aliyeokoka anakueleza maisha yake kwa lugha aliyopewa na wenzake, naye anaiamini kwa moyo wote. Lakini maana yake ni kwamba nakala zile 8 haziwezi kujibu swali la kwa nini watu huokoka. Swali zinaloweza kulijibu ni hili: waliookoka husimuliaje mgeuko wa maisha yao? Mtafiti asiyelirekebisha swali lake mapema atahangaika na misimbo hadi mwisho.

Kazi huanzia masikioni. Saa moja ya mazungumzo huweza kula saa 4 hadi 6 za kunakili, na ni vyema mtafiti anakili mwenyewe, kwa sababu kusita, kucheka na kushusha sauti ni sehemu ya ushahidi. Aache ukingo mpana, atie namba kwenye mistari, na asitafsiri kwenda Kiingereza kabla ya kuweka misimbo. Katika kazi hii, tafsiri ya mapema huondoa kitu ambacho Kiswahili kinakibeba ndani ya kitenzi. Anayesema "niliokoka" hamtaji aliyemwokoa. Anayesema "niliokolewa" anaacha nafasi ya mtendaji, na mara nyingine anamtaja. Anayesema "nikaamua kuokoka" amejiweka mwenyewe kwenye usukani. Kwa Kiingereza, mbili za kwanza huishia kuwa sentensi moja, na swali la nani alitenda hupotea.

Tutazame kipande kimoja. Nimekitunga mwenyewe kwa kufuata mwendo wa shuhuda nyingi, kwa sababu ushuhuda wa mtu halisi hautolewi hadharani bila idhini yake:

"Nilikuwa mtu wa kunywa, kila jioni. Mama alikuwa ananiombea, mimi sijui. Siku hiyo nilikuwa napita tu, nikasikia mkutano pale uwanjani. Nikasogea. Nikajikuta nimesimama mbele, sijui hata nilifikaje. Tangu siku ile sijaonja tena. Ila marafiki waliniacha, hilo lilikuwa gumu. Sasa ndiyo naelewa kwamba Mungu alikuwa ananitafuta siku zote."

Anayeanza kazi hii huandika pembeni: ulevi, mama, mkutano, marafiki, Mungu. Hayo ni mada tu. Ukikusanya kila penye neno "mama" katika nakala zote utapata rundo la akina mama, na hutajua walikuwa wakifanya nini ndani ya simulizi. Msimbo unaofaa husema kinachotendeka katika maneno yale, kiasi kwamba mtu akiusoma peke yake, bila nakala, atapata picha. Kwa "mama alikuwa ananiombea, mimi sijui" ningeandika: kuombewa bila kujua. Kwa "nilikuwa napita tu": kuonesha kwamba hakukusudia. Kwa "nikajikuta nimesimama mbele": mwili kufika kabla ya uamuzi. Kwa mstari wa mwisho: zamani inasomwa kwa macho ya leo.

Angalia pia vitenzi vyenyewe. Nikasikia, nikasogea, nikajikuta. Msimulizi anakwenda na "-ka-" hatua kwa hatua kama mtu anayetembea, kisha penye kilele anaingiza "nikajikuta", na hapo anaacha kuwa mwenye kutenda. Nakala moja haitoshi kusema lolote kuhusu jambo hilo. Lakini linaandikwa, na katika nakala ya pili na ya tatu mtafiti atakuwa macho aone kama usukani unaachiwa palepale.

Kabla ya hatua hii mtafiti aandike ukurasa mmoja kuhusu imani yake mwenyewe, na asiufiche. Aliyeokoka ataona "nikajikuta nimesimama mbele" na kuandika: Mungu anamwita. Asiyeamini ataandika: shinikizo la umati. Misimbo yote miwili imevuka kilichosemwa. Dalili ya kosa hili ni nyepesi: msimbo unataja sababu ambayo msimulizi hakuitaja. Ukiukuta, rudi kwenye mstari, usome tena alichosema.

Tuseme nakala 8 zimezaa misimbo 70. Nyingine ni pacha zenye majina tofauti, nyingine zimetokea mara moja tu. Zikiunganishwa zinaweza kubaki 25 hivi. Napenda kuziandika kwenye vipande vya karatasi na kuvitandaza sakafuni, kwa sababu kwenye kompyuta ni rahisi kuzipanga kwa alfabeti na kudhani kazi imekwisha. Hapa ndipo wengi huteleza. Wanatoa dhamira 3: Maisha kabla ya kuokoka, Siku ya kuokoka, Maisha baada ya kuokoka. Zinapendeza, zinabeba misimbo yote, na hazisemi kitu. Mtafiti ameuchukua mpangilio wa ushuhuda wenyewe, ule uliofundishwa kanisani, akaurudisha kama matokeo ya utafiti.

Dhamira inapaswa kuwa sentensi nzima ambayo mtu anaweza kuipinga. Katika mfano wetu, "kuonesha kwamba hakukusudia", "mwili kufika kabla ya uamuzi" na "kuombewa bila kujua" zinaweza kukaa pamoja chini ya sentensi hii: msimulizi huithibitisha kweli ya wokovu wake kwa kuonesha kwamba hakuutafuta. Hiyo inapingika. Mtu anaweza kufungua nakala ya tano na kusema, mbona huyu aliutafuta miaka miwili? Braun na Clarke wamekuwa wakali juu ya usemi kwamba dhamira "ziliibuka" kutoka kwenye data, kana kwamba zilikuwa humo zikingoja kuokotwa. Mtafiti ndiye aliyeiunda sentensi ile, na ndiye wa kuitetea kwa mistari iliyomo.

Kuipima basi ni kurudi kwenye nakala zote na kumtafuta anayeiharibu. Katika utafiti wa namna hii mara nyingi huwa ni yule aliyelelewa kanisani. Hakunywa, hakupotea, hakuna uwanja. Ukimwuliza aliokoka lini anaweza kujibu hivi: "Nisemeje... nilipobatizwa? Au pale sekondari, kwenye ile kambi." Ni kishawishi kumweka pembeni kwa sababu simulizi yake haina kilele. Lakini kusita kwake kunafichua jambo ambalo wale wengine 7 wamelifunika kwa ufasaha: jumuiya inamdai kila mtu siku. Asiye nayo huiazima, au huomba radhi. Mtafiti akirudi sasa kwenye nakala za wengine ataona jinsi siku inavyolindwa kwa tarehe, kwa jina la uwanja, kwa rangi ya shati alilovaa. Kumbe dhamira ya kwanza ilikuwa nusu tu.

Tena mhojaji naye yumo. "Uliokoka lini?" ni swali linalodai siku kabla mtu hajafungua kinywa, na "nipe ushuhuda wako" huleta kile kilichokwisha kupangwa. Tofauti huonekana ukiuliza jambo lisilo na nafasi katika ushuhuda: usiku ule baada ya mkutano ulilala wapi, nani alikufungulia mlango, asubuhi ulimwambia nani kwanza. Mwendo wa sauti hupungua. "-ka-" zinaachana, mtu anarudi nyuma kujisahihisha. Vipande hivyo vipewe alama yao kwenye nakala, kwa sababu hapo mtu anakumbuka zaidi ya anavyotangaza, na kuvichanganya na ushuhuda wake ni kupoteza tofauti ambayo utafiti ulihitaji kuiona.

Wasimamizi wengine humtaka mwanafunzi amtafute mtu wa pili aweke misimbo peke yake, kisha wapige hesabu ya makubaliano yao. Kwa njia ya Braun na Clarke hesabu hiyo haina kazi, maana wasomaji wawili wanaweza kukubaliana vizuri juu ya neno "ulevi" na wote wasione lolote. Msomaji wa pili wa kukufaa ni yule atakayekaa nawe na kuuliza: hili umelitoa mstari upi? Vilevile hakuna asilimia za kuandika. Watu 5 kati ya 8 si asilimia 62.5 ya waliookoka.

Na kubadili majina hakutoshi. Mchungaji wa eneo anamfahamu fundi seremala aliyeokoka kwenye mkutano fulani wa mwaka fulani, hata ukimpa jina jingine. Afadhali uondoe kazi, uondoe mwaka, uache uwanja uwe uwanja tu.

Kinachobaki mwishoni kinaweza kuwa aya moja ya namna hii. Wasimulizi hawa huithibitisha kweli ya wokovu wao kwa kuonesha kwamba hawakuutafuta, na huilinda siku yake kwa vitu vya kushikika kwa sababu wenzao wanaidai. Chini yake yafuate maneno ya yule aliyesita, yakiwa na nukta zake tatu, kama alivyoyasema: "Nisemeje... nilipobatizwa?"