Kwa nini karanga hukaangika nyeupe, nyingine zikaungua?

Karanga zinazosagwa kwa ajili ya mboga katika nyumba za Ajia ni zilezile zinazopakiwa Arua kwenda Ariwara, ng'ambo ya Kongo, au kupitia Koboko na Oraba hadi Kaya, Sudan Kusini. Mnunuzi wa upande wowote hufanya jambo moja kabla ya kutaja bei. Huchota kidogo kwa kidole, hutazama rangi, kisha hunusa. Ikiwa nyeupe, atasema ni mbichi. Ikiwa nyeusi, ataonja na kutema. Yote hayo huamuliwa juu ya jiko, katika dakika chache za mwisho.

Rangi ya kahawia haitokani na moshi wala na mafuta. Hutokana na sukari kukutana na vipande vidogo vya protini, viitwavyo asidi za amino, penye joto la kutosha. Mfaransa Louis Camille Maillard aliueleza mmenyuko huo mwaka 1912, na mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Ndio unaopaka rangi ukoko wa mkate, nyama ya kuchoma na kahawa. Karanga imebeba vyote viwili ndani yake: karibu robo ya uzito wake ni protini, na sukari ipo kidogo. Vikishaungana huzaliwa rangi, na pamoja nayo pirazini, zile harufu zinazomjulisha jirani kwamba kuna mtu anakaanga.

Mmenyuko huo huanza kuonekana kwa kasi kwenye nyuzi 140 hivi za Selsiasi. Chini ya hapo unakuwepo, ila ni wa polepole mno kwa mpishi mwenye haraka. Shida ni maji. Arua iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 96 tu. Kadiri karanga ingali na maji mengi, moto unaoutia huishia kuyageuza mvuke, na punje haipandi kufikia 140. Ndiyo sababu karanga zilizochemshwa hubaki nyeupe hata zikikaa sufuriani nusu siku.

Tuchukue kilo moja ya karanga zilizokaushwa vizuri. Ndani yake mna maji ya gramu 80 hivi. Zikikaangwa sawasawa hubaki gramu 20 au pungufu, kwa hiyo ile kilo itasoma karibu gramu 940 kwenye mizani, kabla ya kupepeta maganda. Hicho ni kipimo rahisi. Zikisoma 980, maji bado yamo, hata kama ganda la nje limeshabadilika rangi. Na anayekisia bei ya karanga za kukaanga kwa kilo ya mbichi ameshapoteza gramu 60 kabla hajafika sokoni.

Anza na moto wa wastani na sufuria nzito, na koroga bila kuacha. Dakika za mwanzo hakuna kinachoonekana isipokuwa mvuke, na hapo ndipo wengi huongeza mkaa. Wakifanya hivyo nje huvuka nyuzi 180 na kuanza kuungua wakati katikati bado kuna maji. Matokeo ni uchungu na ubichi katika punje moja, na mashine ya kusagia haiwezi kuvitenganisha.

Mlio wa kupasuka ukisikika, kila baada ya dakika moja toa punje, ipasue, utazame ndani. Usihukumu kwa ganda jekundu, linadanganya. Nyeupe ya maziwa ni bado. Rangi ya mchanga mkavu ndiyo inayotakiwa, na epua ikiwa bado imepungua kidogo, kwa sababu punje hushikilia joto na huendelea kubadilika nje ya jiko. Zimwage papo hapo kwenye sinia pana au ungo, zikiwa tabaka jembamba. Zikiachwa zimerundikana kwenye sufuria ya moto, rangi nzuri ya dakika ile itakuwa uchungu dakika tano baadaye.

Kuna jambo moja ambalo rangi hiyo haiwezi kulifanya. Karanga zilizoota ukungu zinaweza kuwa na sumukuvu, na joto la sufuria haliiondoi kwa uhakika. Ukaangaji huzificha tu: punje iliyosinyaa na kubadilika rangi, ikishakuwa kahawia, haitofautiki tena na nzima. Uchambuzi hufanywa zikiwa mbichi, kwenye mwanga wa mchana, na zilizoharibika hutupwa. Si za kusagia wateja wa ng'ambo, wala si za kulishia kuku.